Kipepeo wa bawa lililovunjika: hatari iliyoondoka juu imehamia wapi?

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwongoza watalii, naishi Sakina, Arusha. Nina dola 3,000 kwa broka wa Marekani. Rafiki yangu amenifundisha kipepeo wa bawa lililovunjika kwenye SPY: bei ikiwa 600 nanunua puti moja ya 595, nauza mbili za 590, nanunua moja ya 580, zote za siku 30. Napokea dola 60 siku hiyohiyo, na soko likipanda hata liende wapi sipotezi. Anasema nifungue tano kila mwezi. Hii pesa ni ya bure kweli? Na soko likishuka nifanye nini? Wenzangu wawili kazini nao wanataka kunipa pesa zao niwafanyie."*

Marahaba. Rafiki yako hakukudanganya kwenye hesabu ya upande wa juu, na nitaonyesha mahali pamoja tu ambapo hata hiyo inavunjika. Lakini dola 60 si za bure. Kuna mtu amekulipa ubebe mzigo fulani, na mzigo huo umefichwa katikati ya mikataba minne kiasi kwamba hauonekani mpaka uufungue. Tuufungue pamoja, taratibu.

SPY ni mfuko unaofuata bei za hisa za kampuni 500 kubwa za Marekani. Oda yako kwenye skrini inasomeka hivi, ambapo + ni kununua, - ni kuuza, na P ni puti:

```
+1 SPY 595 P
-2 SPY 590 P
+1 SPY 580 P
```

Puti ni haki ya kuuza hisa 100 kwa bei iliyoandikwa kwenye mkataba. Ukiinunua, haki ni yako. Ukiiuza, umempa mtu mwingine haki hiyo, na akiamua kuitumia wewe utanunua hisa zake kwa bei hiyo hata kama sokoni zinauzwa chini zaidi. Wewe umenunua mbili na umeuza mbili, kwa hiyo hakuna puti iliyobaki bila mlinzi. Tatizo ni umbali anaosimama kila mlinzi. Yule wa juu, wa 595, yuko dola 5 kutoka 590. Yule wa chini, wa 580, yuko dola 10. Hapo ndipo bawa lilipovunjika.

Kwanza tazama siku ya ukomo, siku ya 30, tukidhani umefunga kila kitu vizuri. SPY ikiwa juu ya 595, puti zote nne hazina thamani na unabaki na dola 60 zako. Ikishuka chini ya 595 puti yako ya juu inaanza kukulipa, na faida inakua hadi kilele pale 590 kamili, ambapo una dola 500 za bawa la juu na zile 60, jumla 560. Chini ya 590 zile puti mbili ulizouza zinaanza kukudai kwa kasi kuliko ile moja inavyokulipa, na faida inateremka. Inaisha kabisa bei ikifika 584.40. Chini ya hapo ni hasara, hadi 580, ambapo mlinzi wa chini anaamka na kuizuia isizidi dola 440. Soko likianguka hadi 500 hasara ni hiyohiyo 440.

Umepokea 60 na unaweza kutoa 440. Rafiki yako alikuonyesha mchoro wenye hema zuri katikati na mstari ulionyooka upande wa kulia, na macho ya mtu yeyote yangevutwa na hema. Nataka uangalie kushoto.

Kipepeo wa kawaida, mwenye mabawa sawa, angekuwa 595, 590 mbili, na 585. Huyo kwa bei nilizokadiria angekugharimu senti 35 kwa hisa, yaani dola 35. Usingelipwa kitu mwanzoni, ungelipa wewe. Soko likipanda ungepoteza 35, na likianguka sana ungepoteza 35 hizohizo. Hasara ndogo pande zote mbili, faida kubwa katikati, na uwezekano mdogo wa kuipata hiyo katikati.

Sasa, wewe badala ya kununua puti ya 585 umenunua ya 580. Kihesabu ni sawasawa na kuwa na kipepeo wa kawaida, kisha juu yake ukauza puti ya 585 na kununua ya 580. Jumlisha utaona: ya 585 uliyonunua na ya 585 uliyouza zinafutana, inabaki ile ya 580. Kwa hiyo ndani ya biashara yako kuna vitu viwili: kipepeo uliyemlipia dola 35, na spredi, yaani ile jozi ya puti ya 585 na 580, uliyoiuza kwa dola 95. Tofauti yake ndiyo dola 60 ulizofurahia.

Na spredi ile ni nini? Ni bima. Umemuuzia mtu bima ya kuanguka kwa soko kati ya 585 na 580. Soko lisipoanguka, ada yake ni yako, na inatosha kumlipia kipepeo na kukuachia chenji. Ndiyo maana juu hupotezi: mteja wa bima amelipa hasara yako ya juu kabla haijatokea. Soko likianguka, unamlipa dola 500. Ondoa 60, unapata 440 zile zile. Hasara yote ya biashara yako inatoka kwenye spredi hii moja. Kipepeo mwenyewe hana neno.

Ukishaliona hilo, unaona pia kwamba upana wa bawa la chini ni kama kitasa unachoweza kukizungusha. Spredi ya dola 5 inalipa senti 95, yaani kila dola moja unayolivuta bawa la chini inakuletea takriban senti 19 mkononi na kukuongezea senti 81 za hasara inayowezekana. Ungenunua puti ya 583 badala ya 580, ungepokea kama dola 5 tu, karibu sifuri, lakini hasara kubwa kabisa ingekuwa kama dola 195. Upande wa juu bado hupotezi. Watu wengi hawafikirii hili kwa sababu wameambiwa wakusanye krediti, yaani pesa inayopokelewa mwanzoni, basi wanavuta bawa mpaka krediti ipendeze. Krediti ikipendeza, ujue mzigo wa kushoto nao umenona.

Senti 95 kati ya dola 5 inakuambia kitu kingine. Ni asilimia 19. Kwa lugha nyepesi, soko linapanga bei kana kwamba mara moja katika tano SPY itamaliza huko chini. Haimaanishi itakuwa hivyo, ila usiamini mtu anayekwambia ni jambo la nadra sana. Mara nyingi utamaliza juu ya 595 na kuchukua 60 zako, mara chache utatua ndani ya hema na kupata mamia, na mara chache utalipa 440. Ukizichanganya zote kwa muda mrefu, bei ya haki inakuacha karibu na sifuri, na kamisheni ya mikataba minne kuingia na minne kutoka inakushusha chini ya hapo. Faida ya kweli itabidi itoke kwenye uamuzi wako mzuri kuhusu soko. Umbo la biashara peke yake halikupi.

Sasa nije kwenye jambo linalowaumiza wanaoanza kuliko yote. Ule mchoro wa hema ni wa siku ya mwisho. Siku ya tano haupo.

Chukua mfano huu. Umeingia Jumatano, SPY 600. Ndani ya wiki ya kwanza inashuka hadi 588. Unafungua simu, unatazama mchoro, na mchoro unasema 588 ni mahali pazuri: siku ya ukomo ungekuwa na faida ya dola 360. Halafu unatazama akaunti na unakuta nyekundu. Unadhani broka amekosea.

Hajakosea. Ukiigawanya biashara yako kama tulivyofanya juu, utaona kinachotokea. Kipepeo wako bado ana siku 25 mbele yake, na kwa siku hizo SPY inaweza kwenda popote, kwa hiyo hakuna mtu atakayekulipa sana kwa uwezekano wa kutua karibu na 590. Thamani yake inabaki senti 32 hivi. Lakini spredi uliyoiuza imekaribiwa. Kutoka 600 hadi 585 kulikuwa na dola 15 za nafasi, sasa zimebaki 3. Tena soko likishuka hofu hupanda na bima huwa ghali: nimekadiria mtikisiko wa bei unaotarajiwa kwa mwaka umetoka asilimia 15 na kufika 20. Spredi iliyokuwa senti 95 sasa ni kama dola 1.75. Ukitaka kufunga unalipa 1.75, unarudishiwa 0.32, jumla 1.43. Ulipokea 0.60. Umepoteza dola 83 mahali ambapo mchoro ulikuahidi 360.

Bei hiyohiyo ya 588 ikija siku ya mwisho, habari ni tofauti kabisa. Hapo kipepeo anakaribia dola 3 na spredi ya 585 haina thamani. Kwa hiyo kushuka polepole na kwa kuchelewa ni rafiki yako, na kushuka haraka na mapema ni adui yako, hata kama zote mbili zinaishia kwenye namba moja. Hema hujengwa na muda. Ndiyo maana swali la kujiuliza kila jioni halihusu SPY iko wapi kwenye mchoro. Jiulize: nikifunga sasa hivi mikataba yote minne kwa pamoja, nalipa ngapi? Namba hiyo iko kwenye skrini yako, na ndiyo ya kweli.

Kutoka 600 hadi 584.40, pale hasara inapoanza, ni asilimia 2.6. Kwa masikio ya mtu mgeni inasikika kama umbali mzuri. Alhamisi ya tarehe 3 Aprili 2025 kampuni 500 kubwa za Marekani, ambazo SPY inazifuata, zilishuka kwa asilimia 4.8 kwa siku moja, na kesho yake zikashuka karibu asilimia 6 nyingine. Kwa bei ya mfano wetu ni kutoka 600 hadi karibu 537 kwa siku mbili. Soko halikupita kwenye hema, lililiruka. Sehemu kubwa ya mshuko wa aina hii hutokea soko likiwa limefungwa, kwa hiyo hata oda ya kusimamisha hasara uliyoiacha itatekelezwa kwa bei ya asubuhi yao, si kwa bei uliyoitaka.

Biashara tano kwa mpigo zinakupa dola 300 na zinakuweka kwenye hasara ya 2,200. Una 3,000. Broka naye atashikilia dola 2,200 hadi 2,500 kama dhamana, kwa hiyo ukitaka kurekebisha chochote hutakuta pesa ya kufanyia. Na hizo tano si biashara tano. Zina bei zilezile, tarehe ileile, mfuko uleule. Zitapona pamoja au zitakufa pamoja.

Halafu kuna jambo linalokuhusu wewe kuliko msomaji wa mjini kwingine. Unaongoza watalii. Mshahara na bakshishi zako zinatoka kwa wageni, na wengi ni Wamarekani wale wale ambao akiba zao ziko kwenye soko hilo. Kati ya tarehe 19 Februari na 23 Machi 2020 soko hilo lilianguka kwa takriban asilimia 34, na ndizo wiki ambazo safari zilifutwa na magari ya watalii yakaegeshwa Arusha nzima. Nawe unakumbuka. Kwa kuuza bima ya kuanguka kwa soko la Marekani, umechagua kulipa deni kubwa wakati uleule kazi yako inapokauka. Mwenye duka la dawa anaweza kubeba mzigo huu kwa urahisi kuliko wewe, hata mkiwa na dola sawa kwenye akaunti.

Nilisema hata upande wa juu una mahali unapovunjika. Ni Ijumaa ya ukomo.

SPY ni mfuko unaouzwa kama hisa, na opsheni zake, yaani mikataba kama hizi puti, huishia kwa kupeana hisa zenyewe. Puti ikiisha ikiwa na thamani hata ya senti moja, hutekelezwa yenyewe usipotoa agizo la kuizuia. Tuseme soko limefunga kwenye 592. Mchoro unasema faida ni dola 360 na unaenda kulala. Lakini puti yako ya 595 imetekelezwa: umeuza hisa 100 kwa 595, hisa ambazo huna. Zile za 590 zimekufa. Sasa una deni la hisa 100, bila mlinzi yeyote, Jumamosi na Jumapili nzima. Habari njema ikitoka na Jumatatu SPY ikafungua 604, unanunua hisa hizo kwa hasara ya dola 900, ukiondoa 60 zako inabaki hasara ya 840. Soko limepanda, na umepoteza karibu mara mbili ya ile uliyoambiwa ni hasara kubwa kabisa.

Upande wa pili ni uleule. Ikifunga 587, puti ya 595 inauza hisa 100, na puti mbili ulizouza zinakulazimisha kununua 200 kwa 590. Unabaki na hisa 100 za karibu dola 58,700 kwenye akaunti ya dola 3,000, na mlinzi wako wa 580 amekufa usiku huo. Jumatatu ikifungua 570, hasara ni 1,440. Ule ukuta wa 440 ulikuwa na tarehe ya mwisho, na tarehe imepita. Kwa kweli broka wengi hawatakuacha ufike huko. Wataifunga wenyewe saa za mwisho za Ijumaa, kwa bei yoyote watakayoikuta.

Na Ijumaa hiyo kwetu ni usiku. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzo wa Novemba soko la New York hufungua saa 10:30 jioni kwa saa za hapa na kufunga saa 5 usiku. Miezi mingine ni saa 11:30 jioni hadi saa 6 usiku. Kama uko kambini Serengeti na wageni, au umeme umekatika na bando limeisha, hakuna atakayekufungia isipokuwa huyo broka kwa bei yake. Kwa hiyo sheria yangu kwa mtu wa kazi yako ni rahisi: usifungue biashara ambayo wiki yake ya mwisho inaangukia kwenye safari, na uwe umetoka kufikia Jumatano, hata kama hema linakuita.

Kuna dawa ya nusu ya tatizo hili. XSP ni opsheni za kipimo chenyewe cha S&P 500, yaani cha zile kampuni 500, kilichogawanywa kwa kumi, kwa hiyo bei zake zinakaribiana na za SPY. Huishia kwa pesa taslimu, hakuna hisa zinazopeanwa, na hakuna anayeweza kukutekelezea kabla ya siku ya mwisho. Ikifunga 592 unapewa 300 yako juu ya zile 60, basi. Kasoro yake ni wanunuzi na wauzaji wachache, kwa hiyo pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza ni pana zaidi, na kwa mikataba minne pengo hilo linaweza kula sehemu nzuri ya krediti yako. Mimi ningelipa gharama hiyo. Lakini kumbuka XSP inakuondolea balaa ya Ijumaa tu. Ile spredi ya kushoto iko palepale.

Likishuka ufanye nini? Chaguo la kwanza ni kufunga yote kwa oda moja yenye bei ya kikomo, mikataba minne kwa pamoja. Usifunge mkataba mmoja mmoja, maana ukimwondoa mlinzi kwanza umebaki na puti iliyo wazi hata kama ni kwa dakika mbili, na broka anaweza kukukatalia katikati. Panga kabla ya kuingia kiasi utakachokubali kulipa. Kwa krediti ya 0.60 mimi ningeandika 1.80: gharama ya kufunga ikifika hapo, nimepoteza dola 120 na natoka bila kujadiliana na nafsi. Si dhamana, kwa sababu soko linaweza kuruka usiku na ukaikuta 2.50, lakini mara nyingi inakuepusha na 440.

Chaguo la pili ni kuliunganisha bawa. Unainunua tena ile spredi uliyouza: unanunua puti ya 585 na kuuza ya 580. Katika mfano wetu wa 588 ungelipa 1.75. Ulikuwa na 0.60, kwa hiyo sasa umetoa jumla ya 1.15 na umebaki na kipepeo wa kawaida, 595, 590 mbili, 585. Hasara kubwa kabisa imeshuka kutoka 440 hadi 115, hilo ni jambo jema. Ila sasa unapoteza 115 soko likipanda juu ya 595 pia. Hatari uliyoihamishia kushoto imerudi na kugawana pande zote mbili. Ukitazama kwa makini, ni sawa na kufunga kwa hasara ya 83 na siku hiyohiyo kununua kipepeo mpya kwa dola 32, anayeweza kukupa 468 juu ya pesa uliyomlipia akitua 590 kamili. Kwa hiyo jiulize swali hilo tu: leo, kama sikuwa na biashara yoyote, ningemnunua kipepeo huyu kwa 32? Kama hapana, funga ulale.

Chaguo la tatu ni kusubiri ukitumaini hema lijengeke. Linafanya kazi ikiwa kushuka kumetulia na siku zimebaki chache. Siku 25 zikiwa zimebaki na soko linaanguka, kusubiri ni kuendelea kuuza bima nyumba ikiwa inaungua, na sikushauri.

Kuna la nne ambalo rafiki yako huenda atakushauri: fungua nyingine chini zaidi, krediti zake zifidie. Krediti zitakuwa nono kweli, kwa sababu hofu imepanda. Lakini utakuwa umeuza bima ya pili kwa moto uleule. Wengi waliofuta akaunti kwa biashara za hasara yenye kikomo waliifuta kwa njia hii.

Kwa dola zako 3,000 mimi ningeanza na moja, bawa la chini la dola 7 au 8 badala ya 10, nikikubali krediti ndogo. Ifuatilie moja hadi itoke kabla ya kufungua ya pili, na kila jioni andika kwenye daftari bei ya SPY na gharama ya kufunga. Baada ya miezi michache utakuwa umeona kwa macho yako jinsi gharama hiyo inavyotembea, na hilo hakuna mchoro unaokufundisha.

Kuhusu wenzako wawili, hapo nakuomba usimame. Kupokea pesa za watu na kuwafanyia biashara ya masoko ni shughuli inayohitaji leseni. Hapa Tanzania mwenye mamlaka hayo ni CMSA, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Ongea nao kabla hujapokea hata shilingi, na kama tayari umepokea, rudisha. Wakitaka, kila mmoja afungue akaunti yake kwa jina lake na abonyeze mwenyewe. Vilevile, ikiwa sehemu ya hizo 3,000 imetoka kwenye mkopo wa SACCOS au benki, nenda kaonane na afisa wa mikopo kabla ya biashara inayofuata, kwa sababu rejesho la kila mwezi halisubiri siku ya ukomo. Kwa upande wa kodi, chapisha taarifa ya akaunti ya mwaka mzima na uipeleke kwa mhasibu au ofisi ya TRA Arusha ikiwa na faida na hasara zote. Usipeleke jumla ya krediti ulizopokea peke yake, maana kwenye karatasi hiyo zitaonekana kama mapato wakati hasara zimeandikwa mistari mingine.